Kadi mpya kwenye ubao wa zamani: tazama njia kabla ya bei

Dell OptiPlex 7010 ni kompyuta ya ofisini ya mwaka 2012, na hadi leo utaikuta kwenye maduka ya kompyuta za mitumba Dar es Salaam na Nairobi. Ukiipata ile nyembamba, ukaiongezea RAM na diski ya SSD, inafanya kazi vizuri tu. Kisha linakuja swali la wapenda gemu: nikichomeka kadi ya grafiki ya miaka ya karibuni, ubao huu mkongwe hautaibana?

Mafundi wengi hujibu kwamba haina neno, itaingia. Kuingia itaingia kweli, kwa sababu sloti ya PCIe, ile ndefu ambayo kadi hukaa, imetengenezwa hivyo tangu mwanzo: kadi mpya na ubao wa zamani hupatana zenyewe na kufuata kasi ya yule aliye chini. Hakuna kinachoungua. Lakini kuingia ni jambo moja, na kupata kasi yake yote ni jingine.

Kasi ya sloti inatokana na mambo mawili. La kwanza ni kizazi. PCIe ya kwanza ilitoka mwaka 2003, na kila njia moja ilipitisha megabaiti 250 kwa sekunde. Tangu hapo kila kizazi kimeongeza karibu maradufu: cha 3.0, cha mwaka 2010, kinapitisha karibu gigabaiti 1 kwa kila njia, cha 4.0, cha mwaka 2017, karibu 2. Na cha 5.0, cha mwaka 2019, karibu 4. La pili ni idadi ya njia zenyewe, inayoandikwa x4, x8 au x16. Zidisha moja kwa nyingine. Kadi yenye njia 16 kwenye kizazi cha 3.0 ina karibu gigabaiti 16 kwa sekunde kila upande.

Je, hizo zinatosha? Kwa kadi yenye kumbukumbu ya kutosha, zinatosha na kubaki. Mpishi ambaye viungo vyote vimo jikoni hajali soko liko mbali kiasi gani. Anateseka yule anayetuma mtoto sokoni katikati ya mapishi. Kadi ya grafiki nayo hupakia picha za gemu kwenye kumbukumbu yake mapema, na baada ya hapo sloti hupitisha maagizo madogo madogo tu. Ndiyo maana RTX 4090, kadi kubwa kuliko zote za NVIDIA za mwaka 2022, ilipopimwa kwenye sloti ya 3.0 badala ya 4.0 ilipoteza takriban asilimia 2 tu. Hakuna jicho litakaloiona tofauti hiyo.

Kwa hiyo mwenye kadi kubwa alale usingizi. Aliye hatarini ni mwenye kadi ndogo, na hapo ndipo mambo yanapokwenda kinyume na tunavyotarajia.

Chukua RX 6400 ya AMD, iliyoingia madukani mwaka 2022. Kwa mwenye OptiPlex nyembamba inaonekana kama imeshonwa kwa ajili yake: ni fupi, inatumia wati 53 tu, na haihitaji waya wa ziada wa umeme, waya ambao pawasaplai ya kompyuta hizi haina. Ila chipu yake ilibuniwa hasa kwa ajili ya kompyuta mpakato mpya, na AMD waliipa njia nne pekee. Kumbukumbu yake ni gigabaiti 4. Kwenye ubao wa kizazi cha 4.0 njia nne ni karibu gigabaiti 8 kwa sekunde. Kwenye 3.0 ni 4. Kwenye 2.0 ni 2.

Sasa tupige hesabu. Gemu inataka gigabaiti 5 za kumbukumbu, kadi ina 4. Ile moja iliyozidi inahamia kwenye RAM ya kompyuta, na kila inapohitajika lazima ipite kwenye sloti. Tuseme fremu moja inadai megabaiti 100 kutoka huko. Kwa njia nne za 4.0 mzigo huo unachukua milisekunde 12.5, kwa 3.0, milisekunde 25, kwa 2.0, milisekunde 50. Anayetaka fremu 60 kwa sekunde ana milisekunde 16 na kitu kwa kila fremu. Kwenye ubao mpya kadi inaponea chupuchupu. Kwenye ubao wa zamani gemu inakwama, inaruka, inakwama tena, na mchezaji anasema kadi ni mbovu. Wala si mbovu.

OptiPlex 7010 ina mitego miwili zaidi. Ubaoni kuna sloti mbili ndefu zinazofanana kwa umbo, lakini moja tu ndiyo yenye njia 16. Ya pili ina njia nne za kizazi cha 2.0. Ukichomeka kadi huko kwa sababu palikuwa na nafasi nzuri ya hewa, umejipunja. Mtego wa pili ni prosesa, maana njia zile 16 zinatoka humo. Ubao uleule ukiwa na i5-3470 unatoa kizazi cha 3.0, ukiwa na i5-2400, ambayo pia inakaa pale, unarudi 2.0. Muuzaji anayekuambia "ni Core i5" hajakuambia lolote.

Kujua ulipo ni rahisi. Pakua programu ya bure iitwayo GPU-Z na usome mstari wa Bus Interface. Utaona kitu kama hiki:

```
PCIe x4 4.0 @ x4 3.0
```

Upande wa kushoto ni uwezo wa kadi, wa kulia ni inachopata sasa hivi. Usishtuke ukiona 1.1 upande wa kulia: kadi ikipumzika hushusha kasi ili kubana umeme. Bonyeza alama ya kuuliza pembeni, ianze kazi, ndipo usome. Ikiwa idadi ya njia ni ndogo kuliko ilivyopaswa hata kadi inapofanya kazi, ichomoe, safisha meno yake, irudishe mpaka ikae sawasawa. Kisha fungua Task Manager wakati gemu inaendelea. Kama Dedicated GPU memory imejaa na Shared GPU memory inapanda, kumbukumbu imefurika, na dawa ya kwanza ni kushusha ubora wa picha za nyuso za vitu ndani ya gemu.

Kama kumbukumbu haijafurika na kadi inafanya kazi nusu nusu, usiisingizie sloti. Prosesa ya mwaka 2012 ndiyo iliyochoka, na hakuna kadi itakayoiponya.

Kwa mwenye OptiPlex ya aina hii ningemshauri atafute GTX 1650 fupi, isiyo na waya wa umeme. Ni ya mwaka 2019, ya kizazi cha 3.0, na kumbukumbu yake ni gigabaiti 4 zilezile, lakini ina njia 16 zote. Kwenye karatasi RX 6400 ndiyo mpya. Kwenye ubao huu, chukua ile ya zamani.