Kupanga Mwaka kwa Malengo na Matokeo: Inapofaa na Inapogoma

Chuo kikifunguliwa kila mtu ana mpango. "Mwaka huu nakomaa na shule." Ni kauli nzuri, ila ikifika wiki ya kumi hakuna namna ya kuiuliza imefika wapi. Kwa sababu hiyo nimekuwa nikipanga mwaka wangu kwa mbinu ya malengo na matokeo muhimu. Naieleza hapa, pamoja na sehemu ambazo nimeamua kutoitumia kabisa.

Mbinu hii ilizaliwa makazini. Andy Grove aliitumia Intel miaka ya 1970, na John Doerr, aliyeijifunza hukohuko, akaipeleka Google mwaka 1999 ikiwa bado kampuni changa. Unaandika lengo, yaani unakotaka kufika, kwa maneno ya kawaida. Chini yake unaandika matokeo mawili matatu yenye namba, yatakayokuonesha kama kweli unafika. Muda ukiisha unajipa alama kati ya 0 na 1.

Tuchukue somo la takwimu. Lengo: "Semista hii niweze kufanya maswali ya takwimu bila kusubiri mtu anioneshe." Sasa tokeo lake ni lipi? Wengi wataandika "kusoma saa mbili kila siku." Hiyo ni kazi tu, bado si tokeo. Unaweza kukaa maktaba saa mbili huku unachati. Tokeo ni kitu kinachobadilika kwa sababu ya ile kazi, kwa mfano: "kutoka alama 35 hadi 70 kwenye pastipepa, kwa muda wa mtihani, daftari likiwa limefungwa." Ile 35 huibuni kichwani. Unafanya pastipepa moja wiki ya kwanza, unaisahihisha, unaandika ulichopata.

Tuseme wiki ya kumi umepata 56. Ukigawanya 56 kwa 70 unapata 0.8, unafurahi. Lakini hapo umejipa sifa hata kwa zile alama 35 ulizokuja nazo. Safari yako ilikuwa ya alama 35, na umetembea 21. Gawanya 21 kwa 35: ni 0.6. Hiyo ndiyo hesabu ya kweli. Makampuni hupima kila robo mwaka, ila kalenda yetu ni ya semista, kwa hiyo mimi hupima wiki ya tano na ya kumi. Kusubiri wiki ya mwisho ni kuhesabu hasara tu, maana muda wa kurekebisha umeshakwisha.

Kwa malengo makubwa, Google huichukulia 0.7 kuwa alama nzuri, kwa hoja kwamba ukifikisha 1 kila mara ulijiwekea lengo rahisi. Hapa ndipo mbinu inapoanza kugoma kwetu. Kuna mambo ya chuo yasiyo na nusu. Ukilipa ada 0.7, bado unadaiwa. Kama kozi inataka 16 kati ya 40 ndipo uruhusiwe kufanya mtihani, 15 haikusaidii kitu. Mambo ya namna hii nayaweka pembeni kwenye orodha yenye tarehe. Yamefanyika au hayajafanyika, basi.

Sehemu ya pili ni mambo yaliyo mikononi mwa watu wengine. "Kupata nafasi ya fildi" si tokeo lako, ni uamuzi wa ofisi fulani. Unachoweza kuandika ni barua 12 zimefikishwa kabla ya wiki ya nane. Ila namba ikiwa peke yake inadanganya: utatoa kopi 12 za barua ileile na kuzisambaza hata kwenye ofisi zisizohusika na kozi yako. Grove alishauri kila kipimo cha wingi kiambatane na kipimo cha ubora. Basi ongeza: angalau ofisi nne nimeenda mwenyewe kufuatilia na kuonana na mhusika.

Ya tatu ni watu wenyewe. Andika "kumpigia mama mara nane kwa mwezi," kisha jitazame tarehe 29 ukiwa umebakiza simu tatu. Utapiga zote siku hiyohiyo, dakika moja moja, na mama atajua. Dalili ni rahisi kuiona: ukikata simu, unasikia nafuu ya kutiki badala ya kukumbuka alichokuambia. Kazini namba huwasaidia watu wengi kuvuta upande mmoja na kuulizana. Kwenye daftari lako wewe ndiye mchezaji na wewe ndiye refa, hakuna wa kukupulizia filimbi.

Kwa hiyo ukurasa wangu wa semista una malengo mawili tu, yote ni ya ujuzi ninaoweza kuupima mwenyewe. Ada na usajili viko kwenye orodha ya tarehe. Mama hayupo kwenye ukurasa wowote. Nampigia tu.