Barua ya mnunuzi wa ndengu inahesabika lini?

Mpango wa biashara wa kikundi cha wakulima ukifika mezani kwa afisa wa mikopo, ukurasa wa mapato ndio unaoulizwa maswali mengi: nani atanunua? Jibu la kawaida ni barua ya nia ya kununua, iliyobandikwa nyuma ya mpango. Barua nyingi za namna hiyo hazithibitishi chochote, hata zikiwa na mhuri.

Tuseme kikundi cha wakulima 40 katika eneo la Masinga kinataka mkopo wa mbegu na mashine ya kupura ndengu. Kila mmoja atapanda ekari mbili za N26, ile mbegu ambayo wengi huiita nailoni, mvua za vuli zikianza. Kwa makadirio ya magunia matatu ya kilo 90 kwa ekari, watapata magunia 240. Wakibakiza gunia moja kwa kila ekari kwa chakula na mbegu, yatauzwa 160, yaani kilo 14,400.

Sasa wanaleta barua kutoka kwa kampuni ya kufungasha nafaka: “Tumefurahishwa na ndengu zenu na tuko tayari kununua kiasi chochote mtakachovuna kwa bei nzuri ya soko.” Haisemi kiasi, bei wala tarehe, kwa hiyo afisa hawezi kuitia kwenye hesabu. Tena neno “chochote” linatia shaka, kwa sababu mnunuzi anayejua mahitaji yake ana kikomo.

Barua inayosaidia ingesomeka hivi: “Kwa sasa tunafungasha takribani tani 6 za ndengu kwa mwezi. Tunakusudia kununua kwenu kilo 10,000, Januari na Februari, zilizopepetwa, unyevu usiozidi asilimia 13, zisizo na fukusi, kwa shilingi 80 hadi 95 kwa kilo, tukizichukua wenyewe Kithyoko. Tutalipa siku 14 baada ya kupima. Nia hii inategemea sampuli kukubaliwa, itadumu hadi mwisho wa Februari, na si mkataba wa mauzo.”

Sentensi ya kwanza ndiyo yenye uzito kuliko zote, na ndiyo inayosahaulika sana. Anayefungasha tani 6 kwa mwezi anaweza kumaliza tani 10 kwa miezi miwili. Angekuwa anafungasha tani moja, ahadi ya tani 10 ingekuwa maneno matupu. Kiasi pia kiandikwe kwa kilo. Magunia hayalingani, na gorogoro ya dalali mmoja si ya mwenzake.

Kukiri kwamba barua si mkataba hakuipunguzii thamani. Masharti yakiandikwa waziwazi, afisa anaona ni nini kinaweza kuivunja: ndengu zikianikwa vibaya na unyevu ukapanda, mnunuzi ana haki ya kukataa. Mpango basi uonyeshe turubai za kuanikia na kipima unyevu.

Halafu kuna mtia saini. Awe mtu mwenye mamlaka ya kununua, cheo na simu yake viandikwe, na barua iwe na jina kamili la kampuni na namba ya usajili. Afisa makini huomba taarifa ya CR12 kwenye sajili ya makampuni aone wakurugenzi ni akina nani, kisha hupiga simu. Mkurugenzi akigundulika kuwa ndugu wa mwenyekiti wa kikundi na hilo halikutajwa, imani kwa barua nyingine zote huondoka.

Katika hesabu, tumia bei ya chini: kilo 10,000 kwa shilingi 80 ni shilingi 800,000. Kilo 4,400 zilizobaki ziwekwe kwenye mstari wake, kama mauzo ya sokoni yasiyo na barua. Na kama kuna barua tatu za tani 10 kila moja, usiandike mapato ya tani 30. Shamba halina ndengu hizo. Barua mbili za ziada zinaonyesha tu kwamba mnunuzi wa kwanza akijitoa kuna wengine.

Jambo linalovunja mipango mingi zaidi ni zile siku 14. Ndengu zinavunwa Januari, shule zinafunguliwa Januari, na dalali anafika hadi shambani na pesa mkononi. Mkulima mwenye karo ya kulipa hatasubiri, hata bei ya dalali ikiwa chini kwa shilingi 15. Kampuni inakuja na lori, inakuta kilo 5,000 badala ya 10,000, na msimu unaofuata haiandiki barua tena. Kwa hiyo iombeni kampuni ilipe sehemu ya fedha siku ya kupima, na iandike hivyo ndani ya barua. Ikikataa, tengeni kwenye mkopo fedha za kumlipa mkulima malipo ya awali anapoleta mzigo. Kabla ya kuupeleka mpango, pitieni barua yenu na mtafute mstari wa malipo. Kama haupo, irudisheni kwa mnunuzi auandike.