Mkutano na muuzaji wa mazutu umekwisha: nani sasa anafanya nini, na siku gani?

Bangboka, kilomita karibu 17 kutoka katikati ya Kisangani, watu wengi wanaijua juu ya ndege. Lakini pembeni ya uwanja wa ndege kuko pia kazi zingine zinazotegemea wauzaji wa mji: wale wanaoleta mazutu, maji, vyakula, vipuri na karatasi. Kila miezi mitatu hivi, depo nyingi zinaita muuzaji wao, wanakaa pamoja, wanaangalia kazi ilivyoenda. Watu wanasema, wanacheka, wanakasirika kidogo, wanapeana mikono. Kisha kila mtu anapanda toleka au motokari yake na kurudi nyumbani.

Juma mbili nyuma, hakuna kilichobadilika. Sababu mara nyingi ni moja: hakuna aliyeandika ni nani amebeba kitu gani. Ndiyo maana makala hii inaangalia imeli fupi inayotumwa kiisha mkutano, na ginsi inavyotengenezwa ili isaidie kweli.

Tuchukue mfano. Depo moja ya dawa iko na frigo za chanjo. Chanjo nyingi zinapaswa kukaa kati ya digri 2 na digri 8. Umeme wa bwawa la Tshopo unapokatika, jenereta njo inashika kazi. Kwa saa 10 kila siku, jenereta ile inakula litri 12 kwa saa, ni kusema litri 120 kwa siku. Kila siku ya kwanza muuzaji anapaswa kuleta mapipa 5 ya litri 200. Hiyo litri 1.000 inatosha siku 8, na juma liko na siku 7. Akiba ni ya siku moja tu. Muuzaji akichelewa siku mbili, frigo zinaanza kupata joto.

Katika miezi mitatu iliyopita, gari lilipaswa kuja mara 12. Mara 4 lilichelewa. Mara 2 mapipa hayakujaa: siku moja mapipa 3 yalipungua litri 10 kila moja, siku nyingine pipa moja lilipungua litri 15. Jumla ni litri 45.

Mkutano unafanyika siku ya pili, tarehe 11 ya mwezi wa tatu. Mwenye depo anaonyesha hesabu yake. Muuzaji anajibu kwamba joto njo linafanya mazutu ipungue. Hapa mtu anayejua kazi anaweza kumjibu bila matusi. Ni kweli mazutu inapanuka kwenye joto na kupungua kwenye baridi, lakini kwa tofauti ya digri 10, pipa la litri 200 linabadilika litri moja na nusu hadi mbili tu. Litri 10 haziondoki juu ya hewa.

Kiisha muuzaji naye anatoa karatasi zake. Mkataba unasema faktire inalipwa katika siku 30. Faktire mbili za mwisho ziko na siku 55, na hazijalipwa. "Papa, mimi nanunua mazutu kwa makuta yangu," anasema. "Ile inatoka mashariki kwa barabara ya Nia-Nia, mvua ikinyesha matope inashika magari. Nikikosa makuta ya kulipa gari la pili, nitakuletea na nini?"

Neno hilo linabadilisha mkutano wote. Kuchelewa hakukutoka upande mmoja. Basi imeli itakayotumwa haiwezi kuwa orodha ya makosa ya muuzaji peke yake. Ikiandikwa hivyo, muuzaji ataisoma mara moja na kuiacha, kwa sababu hataona ndani yake deni analodai.

Imeli inatumwa kesho yake, siku ya tatu, mbele ya saa sita mchana, maneno yakingali ndani ya vichwa vya watu. Inaandikwa na mtu mmoja aliyechaguliwa mkutano ungali unaendelea. Inaweza kuwa hivi:

Kuhusu: Maamuzi ya mkutano wa tarehe 11 mwezi wa tatu, mazutu ya depo

Bwana Mkurugenzi, salamu. Haya ndiyo tuliyokubaliana jana.

1. Kila pipa litapimwa mlangoni kwa kijiti cha kupimia, mbele ya dereva, kuanzia siku ya kwanza tarehe 17. Mwenye kazi: mtunza stoki wa depo. Alama ya kwamba imefanyika: boni iliyoandikwa litri zilizopimwa, na sinyatire mbili.

2. Litri 45 zilizopungua zitaletwa. Mwenye kazi: mkubwa wa mauzo, upande wenu. Mwisho: siku ya kwanza tarehe 17, saa tano asubuhi. Alama: boni yake ya pekee, isichanganywe na komande ya juma.

3. Faktire mbili za zamani zitalipwa. Mwenye kazi: mhasibu wa depo. Mwisho: siku ya tano tarehe 21. Alama: karatasi ya benki itakayotumwa kwenu siku ileile.

4. Mapipa 3, ni kusema litri 600, yatawekwa pembeni kwenye stoki yenu ya mjini kwa ajili ya depo tu. Mwenye kazi: mkubwa wa stoki, upande wenu. Mwisho: siku ya tano tarehe 28. Alama: mtu wa depo atakuja kuyaona.

5. Gari likizuiliwa njiani, depo itajulishwa saa 48 mbele ya siku ya kuleta. Mwenye kazi: mkubwa wa mauzo. Kuanzia leo.

Jambo ambalo halijaamuliwa: bei mpya ya litri mliyoomba. Tutaizungumzia siku ya pili tarehe 25. Mpaka pale, bei ya mkataba haibadiliki.

Tunaomba mujibu "tunakubali", ao mutuonyeshe penye tulikosea, mbele ya siku ya tano tarehe 14, saa kumi. Asante.

Hiyo ni yote. Haisimulii nani alisema nini, wala nani alikasirika. Hilo ni jambo la PV, na PV inaweza kufuata nyuma kama kazi inaidai. Imeli inabeba maamuzi tu.

Angalia kwamba kila mustari, toka wa 1 mpaka wa 4, uko na mtu mmoja, siku moja, na kitu kimoja cha kuonyesha. Mtu mmoja, kwa sababu ukiandika "depo na muuzaji watapima mapipa", kila mmoja atangojea mwenzake. Wengine wanaweza kumsaidia, lakini anayeulizwa ni mmoja. Katika imeli ya kweli, jina lake linaandikwa pembeni ya kazi yake, na yeye mwenyewe anapata kopi. Kumpa mtu kazi katika mkutano ambao hakuwamo, bila kumwambia, ni njia ya kupata jibu "mimi sikujua".

Siku moja, kwa sababu "karibuni", "haraka" na "mwisho wa mwezi" kila mtu anazielewa kwa namna yake. Kwa mhasibu, mwisho wa mwezi unaweza kuwa siku ya kufunga vitabu, hata kama mwezi mwingine umekwisha kuanza. Kwa mtu wa jenereta, kuko tofauti kubwa kati ya asubuhi na jioni, ndiyo maana mustari wa pili umeandikwa na saa.

Na kitu cha kuonyesha, kwa sababu bila hicho "imefanyika" inabaki neno la mdomo. "Muuzaji ataboresha uletaji" haiwezi kuhakikishwa na mtu yeyote. Boni yenye litri zilizopimwa inaweza kuwekwa mezani.

Kosa lingine linaloharibu imeli hizi ni kuongeza jambo ambalo halikukubaliwa. Tuseme mwandishi wa depo anaandika "muuzaji amekubali bei ya zamani mpaka mwisho wa mwaka", wakati muuzaji alinyamaza tu. Muuzaji akisoma hivyo, atashuku hata mistari mingine iliyo ya kweli. Ndiyo maana bei imewekwa pekee, chini, kama jambo ambalo halijaisha.

Kunyamaza kuna uzito pia upande wa sheria. Tangu mwaka 2012 Kongo iko ndani ya OHADA, na sheria yake ya biashara inakubali kwamba kati ya wafanyabiashara jambo linaweza kuthibitishwa kwa njia mbalimbali, hata kwa njia ya elektroniki. Kodi ya numeriki ya nchi, ya mwezi wa tatu 2023, nayo inatambua maandishi ya elektroniki. Basi imeli si karatasi ya bure. Lakini sheria ileile ya OHADA inasema kwamba kunyamaza peke yake hakuhesabiwi kuwa kukubali. Kuandika "musipojibu tutajua mumekubali" hakutoshi. Afadhali kumpigia muuzaji simu na kumuomba aandike lile neno moja, "tunakubali".

Imeli iko pia na mpaka wake. Haibadilishi mkataba. Kama tarehe 25 watakubaliana bei mpya, ao siku za kulipa zitoke 30 zifike 45, hilo linaandikwa kwenye karatasi ya kuongeza mkataba, na wale wenye haki ya kutia sinyatire upande zote mbili wanaitia. Mtunza stoki na mkubwa wa mauzo hawawezi kubadili bei kwa imeli.

Halafu kuko watu wasiofungua imeli. Dereva wa gari la mazutu na mlinzi wa mlangoni ndio watakaokutana na mustari wa kwanza, ule wa kupima, na hawako kwenye orodha ya waliotumiwa. Mistari miwili ya kwanza inachapishwa na kubandikwa mlangoni, na muuzaji anamwambia dereva wake mapema. Bila hivyo, siku ya kwanza asubuhi dereva atakataa kungojea kipimo, na kelele itaanza.

Siku hiyo inafika, tarehe 17. Gari linaingia saa ine na nusu. Mapipa 5 yanapimwa, yamejaa. Pembeni kuko jerikani moja ya litri 20. "Zingine zitakuja," anasema dereva.

Hapa depo nyingi zinaandika "sawa" na kuendelea. Lakini mustari wa pili ulisema litri 45, na zilizofika ni 20. Mustari huo haujafanyika. Mtunza stoki anaandika boni ya litri 20, na mwandishi anarudisha ile imeli ya kwanza na maneno machache juu yake: mustari wa 1 umefanyika, mustari wa 2 haujafanyika, zinabaki litri 25, tarehe ya kwanza ilikuwa 17, tarehe mpya ni 24. Tarehe ya zamani haifutwi. Inabaki pembeni ya ile mpya, ili mkutano ujao uone jambo limesogezwa mara ngapi.

Na mhasibu wa depo naye atasomwa kwa kipimo kilekile siku ya tano tarehe 21. Kama karatasi ya benki haijatumwa, mustari wa 3 utaandikwa "haujafanyika", mbele ya macho ya muuzaji.