Zuia Kwanza, Kisha Futa

Tarehe 1 Agosti 2012, Soko la Hisa la New York lilipofunguliwa saa tatu na nusu asubuhi, mitambo ya kampuni ya Knight Capital ilipokea oda ndogo 212 za wateja wa kawaida na kuanza kuzishughulikia. Kwa kila oda ya mteja mfumo ulipaswa kutuma oda chache sokoni, na hisa zikishapatikana uache. Haukuacha. Ndani ya dakika 45 ulikuwa umefanya miamala zaidi ya milioni 4 katika hisa za kampuni 154. Knight ikajikuta imenunua hisa za takriban dola bilioni 3.5 ambazo haikuzitaka, na imeuza hisa za dola bilioni 3.15 ambazo haikuwa nazo. Hasara ilipita dola milioni 460.

Chanzo kilikuwa kidogo sana. Programu mpya ilitakiwa kuwekwa kwenye seva nane, ikawekwa kwenye saba. Seva ya nane ilibaki na msimbo wa zamani uitwao Power Peg, ambao kampuni ilikuwa imeacha kuutumia tangu 2003. Alama iliyotumika kuiwasha programu mpya ndiyo ile ile iliyowahi kuuwasha Power Peg, kwa hiyo kwenye seva hiyo mfu akafufuka. Sehemu ya kuhesabu hisa zilizokwisha kupatikana ilikuwa imehamishwa mwaka 2005, hivyo msimbo huo haukuwa na namna ya kujua kwamba kazi imekwisha.

Kinachonivutia mimi zaidi ni zile dakika 45. Wahandisi hawakuwa wamelala. Walikuwa wanatafuta kosa liko wapi huku mfumo ukiendelea kununua na kuuza. Katika kutafuta huko waliiondoa programu mpya kwenye zile seva saba zilizokuwa sawa, na tatizo likazidi, kwa sababu sasa seva zote nane zilikuwa na msimbo wa zamani. Msimamizi wa masoko ya mitaji wa Marekani, aliyeitoza Knight faini ya dola milioni 12 mwaka uliofuata, alieleza kwamba kampuni haikuwa na utaratibu wa kuwaongoza wafanyakazi pindi jambo kama hilo linapotokea. Waliuguza mgonjwa anayevuja damu kwa kumpima kwanza ugonjwa.

Swichi ya dharura inatengenezwa ili utafutaji wa kosa usubiri. Anayeibonyeza hahitaji kujua kilichoharibika, anahitaji tu kuona kwamba mambo si ya kawaida. Sheria za Umoja wa Ulaya zinazotumika tangu Januari 2018 zinaitaka kampuni inayofanya biashara kwa programu iwe na uwezo wa kufuta papo hapo oda zake zote ambazo hazijatimia, katika masoko yote ilikozituma. Maelezo ni mafupi. Ugumu uko katika utekelezaji, na sehemu kubwa ya ugumu huo hutokana na jambo moja ambalo wengi hulisahau: oda ikishatumwa haikai tena kwenye kompyuta yako. Iko sokoni, kwenye seva ya soko au ya dalali. Ukichomoa waya wa umeme, programu inakufa lakini oda zinabaki hai, tena sasa hazina mwangalizi. Baadhi ya masoko hufuta oda za mteja muunganisho wake unapokatika, ila si yote, na si kwa kila aina ya oda.

Kwa hiyo kusimamisha programu ni kazi moja na kufuta oda ni kazi nyingine, na mpangilio wake haugeuzwi. Lazima uzuie oda mpya zisitoke, ndipo ufute zilizoko nje. Ukianza na kufuta, programu itaona oda zake zimetoweka, itadhani soko limezila, na itaziweka upya. Nimeona watu wakishindana na roboti zao namna hiyo, wao wanafuta, yenyewe inarudisha.

Kizuizi chenyewe kikae mahali pa mwisho kabisa kabla oda haijatoka, si mwanzoni mwa mahesabu. Programu inaweza kuwa katikati ya mzunguko wa kutuma oda ishirini wakati unapobonyeza. Kama inaangalia kizuizi mara moja tu mwanzoni mwa mzunguko, zote ishirini zitatoka.

Tuchukue mfano, tuufuate hatua kwa hatua. Programu ina oda sita za kununua sokoni, kila moja hisa 500, jumla hisa 3,000. Unabonyeza swichi. Kizuizi kinafungwa, kisha ombi la kufuta linatumwa kwa kila oda. Soko linajibu: oda nne zimefutwa zote. Ya tano imechelewa, ilikuwa imeshatimia kabla ombi halijafika, hivyo umepata hisa 500. Ya sita ilikuwa imetimia nusunusu, hisa 200 zimenunuliwa na 300 zilizobaki zimefutwa. Unazo hisa 700 ambazo huenda hukuzitaka.

Hapo programu nyingi huandika kwenye skrini kwamba kazi imekwisha, na hapo ndipo penye hatari. Kulikuwa na oda ya saba. Ilitumwa punde tu kabla kizuizi hakijafungwa na ilikuwa bado njiani, soko halijaithibitisha, hivyo haikuwamo kwenye orodha ya oda za kufuta. Inafika sokoni baada ya ufutaji kupita, inakaa pale na hisa zake 500. Ndiyo maana swichi iliyotengenezwa vizuri husubiri kidogo, kisha huliuliza soko lenyewe: nina oda gani kwako? Haiulizi kumbukumbu za programu iliyoharibika, kwa kuwa huenda kumbukumbu hizo ndizo zilizoharibika. Inafuta inachokikuta na kuuliza tena, mpaka jibu liwe sifuri. Skrini nayo itofautishe ombi lililotumwa na ufutaji uliothibitishwa, maana mtu aliyepigwa na butwaa husoma neno la kwanza tu.

Na zile hisa 700? Wapo wanaotaka kitufe hicho hicho kiziuze. Mimi sikubaliani nao. Kuuza ni oda mpya, na ndiyo kwanza umefunga mlango wa oda mpya kwa sababu huiamini mashine yako. Tena kuuza kwa pupa katika soko lililovurugika kunaweza kugharimu kuliko kosa lenyewe. Hasara ya Knight ilitokana na hisa zilizokuwa zimebaki mikononi mwake, na hakuna kitufe cha kufuta oda kingeziondoa. Kingesaidia kwa kubonyezwa mapema, dakika ya pili badala ya ya 45. Kufunga biashara zilizo wazi kuwe kitufe cha pili, na mtu akibonyeze baada ya kuangalia.

Haya hayawahusu wenye mitaji mikubwa peke yao. Vijana wengi wa Nairobi na Dar es Salaam wanaofanya biashara ya fedha za kigeni huendesha roboti kwenye MetaTrader 5, ambayo juu ya skrini ina kitufe kilichoandikwa Algo Trading. Wengi wanaamini hiyo ndiyo swichi yao ya dharura. Ukikizima, roboti haiwezi tena kutuma oda, kweli. Lakini oda zinazosubiri bei zinabaki kwenye seva ya dalali, na bei ikizifikia zinatimia kama kawaida. Na kuna mtego mwingine: kitufe hicho huzuia kila programu ndogo inayotaka kufanya biashara kwenye kompyuta hiyo, pamoja na ile uliyoiandika kwa ajili ya kufuta oda. Ukikizima kwanza, swichi yako nayo imezimika, na itabidi ufute kwa mkono.

Njia iliyo bora ni kuipa roboti kizuizi chake yenyewe. Unaandika programu fupi ya kubonyeza, ambayo inaacha alama kisha inafuta:

```
#include <Trade\Trade.mqh>
void OnStart() {
  CTrade t;
  GlobalVariableSet("SIMAMA", 1);
  GlobalVariablesFlush();
  Sleep(1000);
  for(int i=OrdersTotal()-1; i>=0; i--)
    t.OrderDelete(OrderGetTicket(i));
}
```

Ndani ya roboti, kabla ya kila mahali inapotuma oda, unaweka mstari huu:

```
if(GlobalVariableCheck("SIMAMA")) return;
```

Angalia mambo mawili hapo. Kuhesabu kunaanzia mwisho wa orodha kurudi mwanzo, kwa sababu kila oda inayofutwa hufupisha orodha. Ukihesabu kwenda mbele utaruka oda moja kila unapofuta moja, na nusu zitabaki. Jambo la pili ni `GlobalVariablesFlush()`, inayoiandika alama kwenye diski. Kompyuta ikizimika ghafla, au mtu akiiwasha upya kwa nia njema, roboti itarudi na kukuta alama bado ipo. Alama ifutwe na mtu kwa mkono wake baada ya kosa kujulikana, isifutwe kamwe na programu yoyote yenyewe. Programu hii inafuta oda zote za akaunti, hata ulizoziweka wewe mwenyewe, na kwa dharura hilo naliona sawa.

MetaTrader inakuruhusu kuipa programu kama hiyo vitufe vyake vya kibodi, na ikiwa haiulizi chochote itaanza mara moja. Kuna wanaoongeza dirisha la kuuliza kama una hakika, kisha jingine. Hofu yao ni kubonyeza kwa bahati mbaya. Lakini kubonyeza bure kunagharimu oda chache ambazo unaweza kuziweka tena, na kusitasita kunagharimu zaidi. Vitufe viwili vinavyobonyezwa kwa pamoja vinatosha kuzuia kiwiko kisichokusudia.

Kompyuta yenyewe inaweza isifikike. Wengi hukodi seva iliyoko nje ya nchi, na intaneti ya nyumbani ikikatika roboti inaendelea kufanya kazi huko bila wewe. Programu ya MetaTrader ya simu inakuwezesha kufuta oda, ila haiwezi kuisimamisha roboti, na hapo unarudi kwenye yale mashindano ya kufuta na kuwekewa upya. Basi ujue mapema namba ya simu ya dalali na maneno ya kumwambia: azuie akaunti isipokee oda mpya, kisha afute zilizopo. Namba hiyo iandikwe kwenye karatasi.

Swichi ambayo haijajaribiwa ihesabiwe haipo, na kuijaribu hakuhitaji chumba maalumu. Weka oda ndogo kabisa kwenye akaunti ya kweli, kwa bei iliyo mbali na ya soko ili isitimie. Iache roboti ikiendelea, bonyeza, kisha angalia kwa simu, si kwa kompyuta ile ile, kama oda imeondoka. Zima kompyuta na uiwashe tena, usubiri hadi wakati ambao roboti ingeweka oda nyingine. Ikiiweka, ama alama haikufika kwenye diski, ama kuna mahali ndani ya roboti panapotuma oda bila kuangalia alama, na mahali hapo hupatikana kwa kutafuta kila `OrderSend` na kila amri ya kununua au kuuza katika faili zote, pamoja na zile ulizodhani huzitumii tena.