Kikomo Kabla ya Oda

Tarehe 24 Agosti 2016, Rais Uhuru Kenyatta alitia saini sheria iliyoweka ukomo wa riba za mikopo ya benki nchini Kenya. Soko la Hisa la Nairobi lilipofunguliwa kesho yake, hisa za benki zilishuka kwa kasi, kubwa kwa ndogo. Aliyekuwa na hisa za Equity, KCB na Co-operative alidhani ametawanya fedha zake. Kumbe alikuwa na kampuni tatu zinazotegemea jambo moja: riba.

Ndiyo maana mameneja wa mifuko huweka vikomo viwili. Kimoja hubana kampuni moja, kingine hubana sekta nzima. Na vyote hupimwa kabla oda haijaenda sokoni, kwa sababu hisa zikishanunuliwa, kurekebisha kunadai kuuza, pengine kwa hasara, na dalali atadai ada yake tena.

Tuchukue mfuko wa shilingi milioni 10. Kampuni moja isizidi asilimia 10, yaani milioni 1. Sekta isizidi asilimia 30, yaani milioni 3. Tayari mfuko una hisa za Equity za 900,000, za KCB 700,000 na za Co-operative 900,000. Jumla ya benki ni milioni 2.5. Meneja anataka hisa za Absa za 500,000. Kikomo cha kampuni hakina neno, na kwa sekta zinatimia milioni 3 kamili. Inaonekana oda ipite.

Lakini asubuhi ileile alituma oda ya hisa za KCB za 200,000 ambayo bado haijapata muuzaji. Zote mbili zikikamilika, benki zitafika milioni 3.2, sawa na asilimia 32. Kwa hiyo hesabu sahihi hujumlisha hisa zilizopo, oda zinazosubiri na oda mpya. Oda ya Absa itakataliwa, au itapunguzwa hadi 300,000. Mfumo unaosahau oda zinazosubiri huruhusu kila oda kivyake, na kosa huonekana jioni, hesabu zinapofungwa.

Hata hivyo, kikomo huvukwa pia bila mtu kununua chochote. Bei za benki zikipanda kuliko nyingine, sehemu yake mfukoni hukua yenyewe. Hapo mfumo hukataa ununuzi mpya wa benki lakini huacha njia ya kuuza. Ukizuia kila oda, utamfungia meneja ndani ya hatari ileile anayotaka kuipunguza.

Mtego mgumu zaidi ni majina ya sekta. Kampuni ya bima iliyoweka fedha nyingi kwenye hisa za benki itahesabiwa kuwa bima, ingawa benki zikianguka nayo itaumia. Meneja makini huihesabu pamoja na benki, kwa sababu kikomo kinachofuata jina la sekta pekee kingemwacha mwenye hisa hizo wazi siku ileile ya Agosti.