Urari ulilingana, makosa matatu yakabaki

Naandika hesabu za duka moja la vifaa vya ujenzi. Mwisho wa mwezi nilikokotoa salio la kila akaunti kwenye leja, nikayapanga yote katika karatasi moja yenye safu mbili. Debiti zilikuwa taslimu 1,150,000, benki 1,900,000, manunuzi 3,200,000, pango 400,000, mishahara 350,000, samani 800,000 na wadaiwa 700,000. Krediti zilikuwa mtaji 5,000,000, mauzo 2,600,000 na wadai 900,000. Nikajumlisha: 8,500,000 kushoto, 8,500,000 kulia. Mwenye duka akauliza, "Kwa hiyo hesabu ziko sawa?" Nikamjibu kwamba bado, kwanza nipitie ankara.

Karatasi ile ndiyo urari. Kila muamala huingizwa mara mbili, debiti katika akaunti moja na krediti ya kiasi hichohicho katika nyingine, kwa hiyo jumla za pande mbili hazina budi kulingana. Luca Pacioli, mtawa wa Kiitalia aliyechapisha mfumo huu mjini Venisi mwaka 1494, alifundisha kuwa jumla zikitofautiana, kuna kosa mahali. Urari hupima jambo hilo moja tu: je, kila debiti imepata krediti ya kiasi sawa, na masalio yamejumlishwa vizuri?

Usipolingana, tofauti yenyewe mara nyingi hukuonyesha pa kuanzia. Ukikuta 120,000, igawe kwa mbili, kisha tafuta 60,000 iliyowekwa upande usio wake, maana kiasi kilichokosa upande wake na kuongezwa upande wa pili huzaa tofauti maradufu. Tofauti ikigawanyika kwa 9 bila kubaki kitu, huenda tarakimu zimepishana. Aliyeandika 450,000 badala ya 540,000 upande mmja tu ataona tofauti ya 90,000.

Lakini angeiandika hiyo 450,000 pande zote mbili? Hivyo ndivyo ilivyotokea pale dukani. Ankara ya saruji tuliyochukua kwa mkopo ilisomeka 540,000, nasi tukaingiza 450,000 kwenye manunuzi na 450,000 kwenye akaunti ya mwenye saruji. Urari haujawahi kuiona ankara, unaona leja tu, na leja ilikuwa na pande mbili zinazokubaliana. Kosa lilijulikana nilipolinganisha leja na taarifa ya deni aliyotuletea mwenye saruji. Baada ya kusahihisha, manunuzi yakawa 3,290,000, wadai 990,000, na jumla ikapanda hadi 8,590,000 pande zote.

La pili lilijificha zaidi. Katika manunuzi nilikuta 300,000 za shelfu za chuma. Manunuzi ni bidhaa za kuuza. Shelfu zinakaa dukani miaka, mahali pake ni samani. Debiti ilikuwa imeingia katika akaunti ya aina nyingine kabisa, ila ilibaki debiti. Nilipoihamisha, manunuzi yalishuka hadi 2,990,000 na samani zikapanda hadi 1,100,000, huku jumla ya urari ikibaki palepale. Kosa la namna hii huonekana kwa kusoma maelezo ya ankara, si kwa kujumlisha.

La tatu ni muamala ambao haukuandikwa kabisa. Kitabu cha ankara za mauzo kilikuwa na namba 46 na 48 kwenye leja, lakini 47 haikuwepo. Nakala yake ilikuwa bado kitabuni: mabati ya 180,000, fundi ameyachukua kwa mkopo. Wadaiwa wakawa 880,000, mauzo 2,780,000, na jumla 8,770,000. Bila kufuatilia mfuatano wa namba, deni hilo lingesahaulika.

Ukiyaweka pamoja masahihisho hayo, faida ya mwezi ilipanda kwa 390,000, kabla ya kutoa uchakavu wa shelfu. Mara nne urari ulilingana, kila mara ukiwa na picha tofauti ya biashara ileile.

Yapo pia makosa mawili yanayofutana, mfano mauzo kuzidishwa 20,000 na mishahara nayo kuzidishwa 20,000. Lipo deni la mteja mmoja kuandikwa kwa mwingine mwenye jina linalofanana; hilo huibuka mteja asiyehusika anapodaiwa.

La kugeuza pande ndilo hunifanya nihesabu droo kila jioni. Mauzo taslimu ya 50,000 yakiingizwa krediti kwenye taslimu na debiti kwenye mauzo, urari utalingana bila shida. Lakini leja itaonyesha pesa pungufu kwa 100,000 kuliko zilizomo kwenye droo, kwa sababu 50,000 haikuongezwa na 50,000 nyingine imetolewa. Nikikuta ziada ya namna hiyo, naigawa kwa mbili, kisha natafuta stakabadhi ya nusu yake.