Sentimita 30 zilizopotea

Katika utafutaji wa dhahabu Geita, mchorongaji hutoa ardhini miche ya mwamba na kuilaza kwenye trei, akiweka kibao cha kina kila mwisho wa mkupuo. Msaidizi mgeni hudhani kazi ni kupanga mawe tu.

Tuseme kibao kimoja kinasoma mita 87 na kinachofuata 90. Msaidizi anaunganisha vipande hadi nyuso zilizovunjika zikaane sawasawa, kisha anapima: mita 2.7. Kilichopatikana ni asilimia 90. Sentimita 30 hazipo. Anatafuta mahali ambapo nyuso zinakataa kushikana, ncha zimesagika au kuna udongo laini, na hapo ndipo anapoandika upotevu. Akiugawa popote, vina vyote vya mkupuo huo vitapotoka. Je, akipata mita 3.2? Huenda kipande cha mkupuo uliotangulia kilibaki shimoni, au kibao kimekosewa. Amuulize mchorongaji mapema, kabla hajasahau.

Mjiolojia akishaeleza aina ya mwamba, mipasuko na madini, hupigwa picha mbili: kavu, inayoonyesha nyufa, na iliyoloweshwa, inayofichua rangi. Namba ya shimo na vina lazima visomeke. Hayo yote hutangulia msumeno, maana baada ya kukata, mche mzima haurudi.

Nusu moja huenda maabara. Nyingine hubaki kwenye trei, ghalani. Wino hufifia, hivyo lebo za alumini zilizogongwa namba ni salama zaidi. Unyevu nao huozesha pairaiti ikawa kutu.